Kikao kimehama: namna ya kuwaambia timu nzima bila mtu kubaki mlangoni

Kikao kinapohamishwa ghafla, wanaopotea si wale tu ambao hawakupata ujumbe. Kuna mtu anaupata, anausoma, hata anajibu "sawa", halafu dakika mbili kabla ya kuanza miguu inampeleka kwenye chumba alichozoea, au kidole kinabofya linki ileile ya wiki iliyopita. Ujumbe aliusoma saa mbili asubuhi akiwa kwenye foleni. Saa nne kasoro dakika mbili anachokiona ni mwaliko wa kalenda, na mwaliko haujabadilika.

Kwa hiyo hapa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuifikisha habari kwenye simu za watu, na hiyo wengi tunaifanya. Ya pili ni kuhakikisha kwamba mahali pa zamani penyewe panamwambia mtu kwamba kikao hakipo tena. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, na mwongozo huu umeegemea huko.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ofisi iko Dar es Salaam. Timu ina watu 14, na kila Jumanne saa nne asubuhi wanakutana kwenye chumba kinachoitwa Mikumi, ghorofa ya pili. Wanane wako ofisini. Watatu wanafanya kazi nyumbani na wanaingia kwa linki ya Google Meet. Mmoja yuko Dodoma, mmoja yuko Kigali, na wa 14 ni mjumbe kutoka nje, mzee mmoja anayekuja mara moja kwa mwezi na leo ni zamu yake. Saa mbili na dakika ishirini watu wa utawala wanasema Mikumi imechukuliwa na wageni wa mkurugenzi. Umebakiwa na saa moja na dakika arobaini.

Hatua ya 1: Hakikisha unakohamia kabla hujamwambia mtu yeyote

Kishawishi ni kuandika papo hapo kwenye grupu: "Jamani Mikumi imechukuliwa, tutawajulisha." Usiandike. Ujumbe wa namna hiyo unaleta maswali kumi na hauna jibu hata moja, na ukija kutuma jibu lenyewe baada ya dakika ishirini litakuwa limezikwa chini ya "tutakaa wapi sasa?" na "basi tuahirishe tu".

Panda kwanza ghorofa ya nne ukakione chumba cha Ruaha kwa macho yako. Kitabu cha kuhifadhia vyumba kinaweza kusema kiko wazi kumbe kimejaa maboksi ya stoo. Hesabu viti: unahitaji tisa, wanane wa ofisini na mzee. Washa runinga au projekta na uone kama waya wa HDMI upo na unaingia kwenye kompyuta yako. Jaribu intaneti ya humo ndani, maana vyumba vya pembeni mara nyingi ndiko mtandao unakozubaa, na una watu watano watakaokusikia kwa mtandao tu. Kisha jiandikie kwenye kitabu, au mwambie anayegawa vyumba akuandike, ili usije ukahamishwa tena saa nne kasoro kumi.

Kama unahamia kwenye linki mpya, ukaguzi wake ni tofauti. Fungua linki hiyo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilojua akaunti yako. Hapo utaona anachokiona mgeni. Wewe mwenye kikao mlango unakufungukia mara moja, lakini mtu wa nje ya ofisi anaweza kuambiwa aombe kuruhusiwa, na asipokuwepo wa kumruhusu atabaki nje akidhani hamjaanza. Kwa Zoom, nakili linki yote hadi herufi ya mwisho. Ile sehemu ndefu inayoanza na `pwd=` ndiyo iliyobeba nywila; linki ikikatika hapo, mtu ataulizwa nywila asiyokuwa nayo. Pia kumbuka kwamba Zoom ya bure inakata kikao baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure inakata baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Kama kikao chenu ni cha saa moja na nusu, afadhali ulijue hilo sasa kuliko kukatiwa katikati ya bajeti.

Katika mfano wetu linki haibadiliki, chumba tu ndicho kinachohama. Hili nalo linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu wale watano wa mtandaoni wakisikia "kikao kimehama" watafikiri linki nayo imebadilika, na watakuuliza mmoja mmoja.

Hatua ya 2: Badilisha mwaliko wenyewe, usiufute

Mwaliko wa kalenda ndio mtu anaoutazama dakika za mwisho, kwa hiyo uanze nao kabla ya grupu. Wapo wanaoufuta mwaliko wa zamani na kutengeneza mpya. Matokeo yake, watu wanapata barua mbili, moja ikisema kikao kimefutwa na nyingine ikiwaalika kwenye kikao kipya. Anayefungua ya kwanza peke yake anajipangia kazi nyingine saa ile. Fungua mwaliko uleule, badilisha sehemu ya mahali, hifadhi.

Kwenye Google Calendar ukibonyeza `Save` utaulizwa kama unataka wageni wapelekewe taarifa. Chagua `Send`. Ukichagua `Don't send` kalenda zao zitabadilika kimyakimya, na mtu ambaye asubuhi alishatazama kalenda yake hatakuwa na sababu ya kuitazama tena. Kwenye Outlook kitufe kinachofanya kazi hiyo ni `Send Update`.

Kwa kuwa kikao hiki ni cha kila wiki, utaulizwa pia mabadiliko yanahusu nini. Hapa chagua `This event`, yaani cha leo tu. Ukichagua `All events` umehamisha Jumanne zote, na wiki ijayo nusu ya timu itapanda ghorofa ya nne kukuta chumba cha watu wengine.

Kuandika chumba kwenye sehemu ya mahali peke yake hakutoshi. Badilisha na jina la kikao lenyewe, kwa sababu arifa ya kalenda kwenye simu inaonyesha jina kwa herufi kubwa na mahali kwa herufi ndogo, au haionyeshi mahali kabisa. Kama jina lilikuwa "Kikao cha timu", leo liwe:

> RUAHA, GHOROFA YA 4 – Kikao cha timu

Ndani ya maelezo, juu kabisa, weka mstari mmoja: "Leo tu tunakaa Ruaha, ghorofa ya nne. Linki ya Meet ni ileile." Maelezo ya zamani yaliyosema Mikumi yafute. Mwaliko wenye majina mawili ya vyumba, moja juu na lingine chini, ni mbaya kuliko mwaliko usiobadilishwa.

Jambo moja la kuangalia: kama si wewe uliyetengeneza mwaliko, na mwenye mwaliko hakuwapa wageni ruhusa ya kuuhariri, mabadiliko yako yataonekana kwenye kalenda yako peke yako. Utaona "Ruaha" na kuridhika, kumbe wengine 13 wanaona Mikumi. Dalili yake ni kwamba huulizwi kuhusu kuwatumia watu taarifa. Ukiona hivyo, mpigie mwenye mwaliko abadilishe yeye. Kama hapatikani, andika kwenye ujumbe wa grupu kwamba kalenda bado inasema Mikumi na isifuatwe.

Hatua ya 3: Andika ujumbe mmoja, habari iwe mstari wa kwanza

Sasa nenda kwenye grupu la WhatsApp. Na hapa adabu yetu inatuponza kidogo. Tumezoea kuanza na "Habarini za asubuhi wapendwa, natumaini wote mmeamka salama na mnaendelea vizuri na majukumu". Mtu akitazama simu iliyofungwa anaona mstari mmoja au miwili tu ya arifa, na mistari hiyo yote imeisha kwenye salamu. Anasema moyoni nitausoma baadaye. Salamu zisikosekane, ila zikae nyuma ya habari:

> KIKAO CHA LEO KIMEHAMA: RUAHA, GHOROFA YA 4 (si Mikumi).
> Muda haujabadilika: leo Jumanne, saa nne asubuhi (10:00) Dar, saa tatu (9:00) Kigali.
> Linki ya Meet ni ileile ya kila wiki. Wa mtandaoni hakuna kinachobadilika kwenu.
> Sababu: Mikumi ina wageni leo.
> Habarini za asubuhi wote. Ukiusoma weka dole gumba hapa. Ukikwama nipigie mimi.

Tazama kilichomo. Jina la chumba kipya linatangulia, la zamani linafuata likiwa na "si" mbele yake, maana mtu anayesoma haraka hukamata jina la kwanza analoliona. Ujumbe unaosema "Kikao hakitakuwa Mikumi kama kawaida bali kitafanyika Ruaha" umeweka Mikumi kwanza, na Mikumi ndiyo itakayobaki kichwani.

Muda umeandikwa ingawa haujabadilika. Watu wakisikia mabadiliko hudhani kila kitu kimebadilika. Tena saa ina mtego wake kwetu: ukiandika "saa 10" peke yake, mmoja ataelewa saa kumi ya jioni na mwingine 10:00 ya kalenda, ambayo ni saa nne asubuhi. Ndiyo maana zimewekwa zote mbili, kwa maneno na kwa tarakimu. Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania, kwa hiyo mwenzetu wa Kigali amepewa saa yake asilazimike kupiga hesabu.

Sababu imepewa maneno manne tu. Usipoitaja kabisa watu wataitafuta, na utajikuta unajibu "kwani kuna nini?" saba. Ukiieleza kwa kirefu, na hasa ukiweka manung'uniko kuhusu wageni wa mkurugenzi, grupu litageuka baraza la kujadili nani ana haki ya chumba, na tangazo lako litapanda juu lipotee.

Ukishatuma, ubandike ujumbe huo juu ya grupu. WhatsApp inakuruhusu kuubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Hapa saa 24 zinatosha. Ubandike hata kama grupu ni la watu wachache, kwa sababu mtu mmoja akishatuma video ya kuchekesha saa tatu, ujumbe wako hauonekani tena bila kuutafuta.

Ukigundua umekosea, tuseme umeandika ghorofa ya tatu badala ya nne, WhatsApp inakupa dakika 15 za kuuhariri ujumbe. Lakini kuhariri hakupeleki arifa mpya. Aliyekwisha kuusoma ataendelea na ghorofa ya tatu. Kwa kosa la herufi hariri tu. Kwa kosa la mahali au saa ufute kwa wote, utume mwingine unaoanza na "SAHIHISHO, saa 2:50:". Hiyo saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe inasaidia sana mambo yakibadilika mara mbili, kwa sababu watu husambaza ujumbe kwenye magrupu mengine na huko anayeupokea hajui upi ulitangulia.

Na mtangazaji awe mmoja. Meneja akitangaza kwa maneno yake, wewe kwa yako, na katibu akasambaza barua pepe, basi mtakuwa na matangazo matatu, na mojawapo litakuwa limesahau kusema linki haijabadilika. Wengine wasambaze ujumbe wako kama ulivyo.

Hatua ya 4: Tafuta ambao hawajaona, uwapigie

Subiri kama dakika ishirini. Usiwahesabu wale walioweka dole gumba pekee, wapo wanaosoma na kunyamaza. Bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua maelezo yake, utaona orodha mbili: waliousoma na waliofikiwa tu. Hata aliyezima alama za bluu kwenye simu yake, ndani ya grupu anaonekana kama amesoma, kwa hiyo orodha hiyo unaweza kuitegemea. Ambaye hayumo kwenye orodha hata moja, simu yake imezimwa au haina bando.

Katika mfano wetu, saa tatu kasoro dakika kumi orodha inaonyesha tisa wamesoma. Ukijitoa wewe mwenyewe na mzee, ambaye anapigiwa simu, wamebaki watatu. Mhasibu amefikiwa ila hajasoma; yuko mezani kwake, nenda ukamwambie kwa mdomo. Yule wa Dodoma hajafikiwa, lakini yeye linki yake haijabadilika, hana hasara. Wa tatu ni mmoja wa ofisini ambaye bado yuko njiani. Mpigie. Asipopokea, mtumie meseji ya kawaida, ile isiyohitaji bando:

> Kikao cha leo saa 4 asubuhi kimehamia RUAHA, ghorofa ya 4, si Mikumi. Muda ni uleule. Ukifika panda moja kwa moja.

Meseji hiyo iko ndani ya herufi 160, kwa hiyo inafika kipande kimoja. Usitie emoji. Emoji moja tu inashusha kikomo hadi herufi 70, na meseji inakatwa vipande viwili.

Umeona kwamba katika watatu, mmoja tu ndiye alihitaji kuhangaikiwa. Usipige simu 13. Jiulize ni nani ambaye mabadiliko haya yanamgusa na bado hajaona, basi.

Mzee mjumbe ni habari nyingine, na kwake simu inatangulia grupu. Huenda hayumo kwenye grupu kabisa, na hata angekuwemo si vizuri mtu wa umri wake na nafasi yake kuhamishwa kwa tangazo la jumla. Hapa salamu zinarudi mahali pake:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo mwanangu?"

"Sijambo mzee. Samahani kukusumbua asubuhi. Kikao chetu cha saa nne kiko palepale ofisini, ila leo tumepanda ghorofa ya nne, chumba cha Ruaha. Nitakuwepo mapokezi saa nne kasoro robo nikupokee."

"Lifti inafanya kazi?"

Hilo swali la lifti ndilo la muhimu katika mazungumzo yote. Ghorofa ya pili mzee alikuwa anapanda kwa ngazi taratibu. Ya nne ni jambo jingine. Kama lifti haifanyi kazi, pengine Ruaha si chumba cha leo, na ni bora ungejua kabla ya Hatua ya 1. Ndiyo maana mtu anayeguswa zaidi na mabadiliko nampigia mapema, wakati mwingine hata kabla ya kutangaza.

Hatua ya 5: Mahali pa zamani paseme

Sasa rudi Mikumi. Chukua karatasi ya A4, andika kwa kalamu nene:

> KIKAO CHA TIMU (saa nne) → RUAHA, GHOROFA YA 4

Ibandike usawa wa macho kwenye mlango wenyewe, upande ambao mlango ukifunguliwa haijifichi ukutani. Mlango ukiwa wa kioo, gundi ya karatasi inatosha. Ukiwa wa mbao uliopakwa rangi ya mafuta, tumia gundi nzuri kidogo, maana karatasi itadondoka kabla ya saa nne. Weka mshale ikiwa ngazi ziko karibu. Usiandike sababu. Wageni wa mkurugenzi nao wataisoma.

Karatasi hiyo inamlinda pia mgeni aliyeko ndani. Bila hiyo, watu watatu kwa nyakati tofauti watafungua mlango, watachungulia, watasema "samahani", na mkurugenzi atajua timu yako haijapangika.

Kisha pita mapokezi. Dada wa mapokezi na mlinzi wa getini ndio wanaoulizwa na mtu yeyote asiyejua njia, na mara nyingi ndio wa mwisho kuambiwa. Mpe dada kikaratasi chenye jina la chumba na ghorofa, usimwambie kwa mdomo tu, kwa sababu saa nne kasoro tano huenda ameketi mwenzake.

Linki ya zamani nayo ni mlango, na hapa ndipo vikao vya mtandaoni vinapopoteza watu. Tuseme leo ungekuwa umebadilisha linki badala ya chumba. Mtu amehifadhi ile ya zamani kwenye kivinjari, au ameipata kwa kupandisha juu mazungumzo ya wiki iliyopita. Akiibofya, hakuna kinachomwambia kwamba amepotea. Kwenye Zoom anaambiwa amsubiri mwenye kikao aanzishe, naye anasubiri kwa utulivu kabisa akidhani umechelewa. Kwenye Meet anaweza kujikuta ndani peke yake, au na mwenzake aliyepotea kama yeye, na wawili wakikutana ndiyo kabisa wanaamini wako mahali sahihi.

Dawa yake ni kumweka mtu mmoja kwenye linki ya zamani kwa dakika kumi za mwanzo. Awe na linki mpya tayari imenakiliwa. Kila anayeingia amwambie kwa sauti na ambandikie linki kwenye sehemu ya kuandikiana. Aibandike upya kwa kila mtu, kwa sababu kwa kawaida aliyeingia baadaye haoni yaliyoandikwa kabla yake. Kwenye Zoom zingatia kwamba akaunti moja ya kawaida haiendeshi vikao viwili kwa wakati mmoja, hivyo linki ya zamani na mpya zikiwa za akaunti moja huwezi kuziweka zote wazi. Hapo huna budi kutegemea mwaliko, ujumbe uliobandikwa na simu, na dakika tano baada ya kuanza uhesabu waliopungua uwapigie.

Kama kikao chote kinahamia mtandaoni

Umeme ukikatika ofisini na jenereta haijawaka, au mvua imefunga barabara, unaweza kuamua chumba kisiwepo kabisa. Hatua ni zilezile, ila ujumbe unaongezeka mistari miwili ambayo watu wataihitaji.

Wa kwanza ni kwa walio njiani. Aliyeko ndani ya daladala amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, hawezi kuingia kwenye kikao akazungumza. Mwambie cha kufanya: "Kama umeshatoka nyumbani, endelea kuja; ingia kwa kusikiliza tu, zamu yako ya kutoa taarifa itakuwa ya mwisho." Usipomwambia atashuka kituoni atafute kivuli, halafu hatakusikia kwa kelele za makondakta.

Wa pili ni kwa walioko ofisini tayari. Watu wanne wakikaa chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake na spika zimewashwa, sauti inazunguka na kulia kama filimbi. Sema mapema: ama kila mtu avae hedifoni, ama wakusanyike kwenye kompyuta moja na wengine wazime maikrofoni na spika, vyote viwili. Kuzima maikrofoni tu hakutoshi, kwa sababu spika zao ndizo zitakazorudisha sauti kwenye ile moja iliyo wazi.

Linki ibandike ndani ya ujumbe wenyewe, kwenye mstari wake peke yake, bila nukta mwishoni. Nukta ikigusana na linki, baadhi ya simu huihesabu kuwa sehemu ya anuani na linki haifunguki. Na usiseme "linki iko kwenye barua pepe", mtu ana dakika tatu.

Hatua ya 6: Dakika tano za mwanzo

Fika Ruaha saa nne kasoro dakika ishirini, fungua Meet mapema, acha mlango wazi, kisha shuka mapokezi kumchukua mzee. Wa mtandaoni wakiingia wakamkuta mtu yupo, hawaanzi kuulizana kwenye grupu kama wako sahihi.

Saa nne ikifika, hesabu. Ukikosa mtu wa ofisini, tuma mmoja ashuke Mikumi mara moja. Usimpigie kwanza, maana huenda ameketi ndani na wageni akiogopa kutoa simu. Anza na ajenda nyepesi, taarifa fupi ambayo haimhitaji kila mtu, na maamuzi yasubiri hadi saa nne na dakika kumi. Katika kumbukumbu za kikao andika mahali mlipokutana kweli. Kwa mazoea mwandishi hunakili kichwa cha wiki iliyopita, na Mikumi inajikuta imeandikwa kwenye kikao ambacho hakikufanyika humo.

Hatua ya 7: Rudisha vitu mahali pake

Kikao kikiisha, pita Mikumi ung'oe karatasi. Ikibaki hadi Jumanne ijayo itawapeleka watu ghorofa ya nne tena. Ondoa ujumbe uliobandikwa juu ya grupu kama muda wake haujaisha. Fungua kalenda utazame Jumanne inayofuata: isome Mikumi, bila neno "Ruaha" kwenye jina. Jumatatu jioni tuma mstari mmoja tu: "Kesho tunarudi Mikumi, ghorofa ya pili, saa nne asubuhi kama kawaida." Kuna mtu ambaye amehama mara moja na sasa anadhani Ruaha ndiyo makazi mapya, na mstari huo ni wake.